Kufuta majibu ya uongo kwenye maswali ya kuchagua ya fizikia: vizio, sifuri na namba kubwa kupindukia

Wanafunzi ninaowafundisha tuisheni hapa Mtwara mjini wengi wana tabia moja wanapofika kwenye maswali ya kuchagua. Wanasoma swali, wanatafuta fomula kichwani, na fomula isipokuja wanachagua herufi inayowavutia macho. Wanasahau kwamba karatasi imeshawapa jibu sahihi, limekaa palepale katikati ya majibu ya uongo. Kazi iliyobaki ni kuyaondoa ya uongo, na kuyaondoa hakuhitaji kukumbuka fomula. Kunahitaji kuyahoji majibu yenyewe.

Kwanza elewa majibu ya uongo yanatoka wapi. Mtunga swali mzuri hayaokoti ovyo. Kila moja analijenga juu ya kosa ambalo wanafunzi hulifanya kweli: mmoja ameweka kujumlisha mahali pa kutoa, mwingine amechanganya `sin` na `cos`, mwingine amesahau kugeuza sehemu mwishoni. Ndiyo maana majibu hayo yana sura nzuri. Lakini jibu lililojengwa juu ya kosa, ukilisukuma hadi mwisho wa hali yake, mara nyingi litasema jambo lisilowezekana: uzi unaovuta bila mzigo, au gunia linalotoka lenyewe mbio kwenye sakafu tambarare. Hapo ndipo unalikamata.

Mwongozo huu unahusu zaidi maswali ambayo majibu yake ni fomula za herufi, kwa sababu ndiyo yanayowatisha wengi na ndiyo mepesi kufuta. Mtihani wenyewe wa kidato cha nne umeandikwa kwa Kiingereza, lakini `m`, `g` na `T` ni zilezile, na kuhoji unaweza kuhoji kwa lugha unayofikiria nayo.

Swali la kapi

Kapi inajulikana pwani yote hii, kuanzia kwenye visima hadi kwenye majahazi ya Mikindani. Sasa chora meza. Juu ya meza kuna mzigo wenye tungamo `m`, na meza ni laini, haina msuguano. Mzigo umefungwa uzi unaopita juu ya kapi iliyopo ukingoni mwa meza, na upande wa pili wa uzi unaning'inia mzigo mwingine wenye tungamo `M`. Mizigo inaachiwa. Uzi unavuta kwa kani gani, yaani `T` ni ngapi?

```
A.  Mg − m
B.  (M + m)g
C.  Mmg/(M + m)
D.  m²g/(M + m)
E.  Mmg/(M − m)
```

Usianze kukokotoa. Anza na vizio, kwa sababu ndiyo hatua ya haraka kuliko zote. Unatafuta kani, kwa hiyo jibu lazima liwe na kizio cha nyutoni, ambacho ni sawa na tungamo mara `g`. Angalia A: `Mg` ni nyutoni, `m` ni kilogramu. Nyutoni haitolewi kilogramu, kama vile huwezi kutoa kilo tatu za korosho kwenye saa mbili za safari. A imekufa, ifute. Angalia C: juu kuna tungamo mbili na `g`, chini kuna tungamo moja, kwa hiyo inabaki tungamo moja mara `g`. Iko salama. D na E zinabaki hivyohivyo, na B nayo ni nyutoni. Vizio vimefuta moja tu, na hapo ndipo wengi wanapokata tamaa na njia hii. Usikate tamaa, maana hatua zenye nguvu bado.

Hatua ya pili ni kuweka sifuri. Chagua herufi moja, jiulize kitu chenyewe kingefanyaje kama herufi hiyo ingekuwa sifuri, kisha ndipo uangalie majibu. Mpangilio huo ni muhimu: kwanza dunia inasema nini, ndipo fomula inasema nini. Ukianza na fomula utajikuta unaitetea.

Weka `m` = 0. Juu ya meza hakuna kitu. `M` anaanguka huru, na mwisho wa pili wa uzi hauna kinachoushika. Uzi usioshikwa na kitu hauna mvutano, kwa hiyo `T` lazima iwe sifuri. B inatoa `Mg`. Imekufa. C, D na E zote zina `m` juu ya mstari, zinatoa sifuri, zinabaki.

Sasa weka `M` = 0. Hakuna kinachoning'inia. Mzigo wa mezani umekaa tu, hakuna anayeuvuta, kwa hiyo `T` ni sifuri tena. D inatoa `m²g/m`, yaani `mg`. Inadai kwamba uzi unavutwa kwa uzito wote wa mzigo uliotulia mezani. Haiwezekani. Imekufa.

Zimebaki C na E, na tofauti yake ni alama moja tu chini ya mstari. Hapa ingia hatua ya tatu: fanya herufi mbili zilingane. `M` = `m`. Je, kuna jambo la ajabu linalotokea mizigo ikiwa na tungamo sawa? Hakuna. Mmoja anashuka, mwingine anateleza mezani, mambo ya kawaida kabisa. Lakini E inagawanya kwa sifuri, yaani inasema uzi utavutwa kwa kani isiyo na mwisho. Tena `M` ikiwa ndogo kuliko `m`, E inatoa namba hasi, na uzi haujui kusukuma. E imekufa. Jibu ni C.

Nakuhimiza usiache hapo kama una dakika. Mpe C mtihani wa hatua ya nne, ule wa namba kubwa kupindukia. Fikiri mzigo wa mezani ni mzito kama lori na unaoning'inia ni wa kilo moja. Lori halitatikisika. Kilo moja itaning'inia kama imefungwa ukutani, na uzi utabeba uzito wake tu, yaani `Mg`. Ukichukua `M` = 1, `m` = 1000 na `g` = 10, C inatoa 10000 gawanya kwa 1001, karibu sana na nyutoni 10. Inakubaliana na dunia.

Pale namba 2 inapojificha

Hatua hiyo ya nne si pambo. Tuseme mtunga swali angeweka jibu la sita, `2Mmg/(M + m)`. Lipeleke kwenye vizio: nyutoni, salama. `m` = 0: sifuri, salama. `M` = 0: sifuri, salama. `M` = `m`: inatoa `mg`, haigawanyi kwa sifuri, na mwenye haraka ataliachia lipite. Lakini ukiweka lori mezani linatoa karibu nyutoni 20 kwenye mzigo wa kilo moja, ambao uzito wake ni 10. Uzi ungekuwa unauvuta juu kwa nguvu kuliko uzito wake, na mzigo ungepanda. Nani anaupandisha, wakati lori limetulia? Hakuna. Limekufa.

Hata kwenye `M` = `m` ukitazama vizuri unaweza kulikamata. `T` = `mg` maana yake uzi unashikilia uzito wote wa mzigo unaoning'inia, hivyo mzigo usingeanza kushuka. Lakini meza haina msuguano, na kitu pekee cha kuuzuia mzigo wa juu ni ukaidi wake wa kuanza mwendo. Lazima uanze kusogea. Kwa hiyo `T` lazima iwe chini ya `mg`, na C kweli inatoa nusu ya `mg`.

Kinachonifurahisha kwenye swali hili ni kwamba `2Mmg/(M + m)` ni jibu sahihi la swali jingine, lile ambalo mizigo yote miwili inaning'inia, kila mmoja upande wake wa kapi. Huko, mizigo ikilingana haisogei, na uzi unabeba `mg` kamili, kama fomula inavyosema. Na `m` akiwa mzito kupindukia, `M` mwepesi anarushwa juu kwa mchapuko unaokaribia `g`, hivyo uzi unabeba karibu `2Mg`: sehemu ya kwanza kuushika uzito, ya pili kuurusha. Mwanafunzi aliyekariri fomula hiyo bila kuangalia mchoro ataiona kwenye majibu na kuikumbatia. Aliyezoea kuuliza "mizigo ikilingana inakuwaje?" hawezi kunaswa, maana anaanzia kwenye mchoro uliopo mbele yake.

Gunia kwenye ubao, na kosa la kufuta jibu sahihi

Mtihani wa kidato cha nne unaangukia Novemba, msimu wa korosho huku Mtwara na Lindi, kwa hiyo mfano huu hauhitaji kufikirika sana. Gunia linateremshwa kutoka kwenye lori kwa kuteleza juu ya ubao ulioinama kwa pembe `θ`. Ubao una msuguano, na namba ya msuguano ni `μ`. Gunia linateleza kushuka. Mchapuko wake, yaani kasi inavyoongezeka kila sekunde, ni upi?

```
A.  g(sin θ + μ cos θ)
B.  g(sin θ − μ cos θ)
C.  g(cos θ − μ sin θ)
D.  g sin θ − μ
E.  mg(sin θ − μ cos θ)
```

Vizio safari hii vina kazi kubwa. Mchapuko una kizio sawa na `g`. E ina `m` ya ziada, hiyo ni kani, ifute. D inatoa namba tupu kutoka kwenye mchapuko, maana `μ` haina kizio, ifute. `sin`, `cos` na `μ` zote ni namba tupu, kwa hiyo vizio haviwezi kukusaidia kuchagua kati ya A, B na C. Usivilazimishe.

Peleka pembe hadi nyuzi 90. Ubao umesimama wima, gunia haliulalii tena, hivyo hakuna msuguano, na gunia linaanguka tu kwa `g`. `sin 90°` ni 1 na `cos 90°` ni 0. A inatoa `g`, B inatoa `g`, C inatoa `−μg`. C imekufa, na aliyechanganya `sin` na `cos` amekufa nayo.

Kati ya A na B, ongeza msuguano. Ubao ukikwaruza zaidi, gunia linapaswa kuongeza kasi polepole zaidi. Kwenye A, `μ` ikikua mchapuko unakua. Imekufa. Jibu ni B.

Sasa mtego wenyewe. Mwanafunzi makini ataendelea na kuweka pembe sifuri, kisha atainua mkono: "Mwalimu, mbona na B imekufa? Inatoa `−μg`, na gunia kwenye ubao tambarare limetulia tu, mchapuko wake ni sifuri." Swali hilo ni zuri kuliko jibu lake, kwa sababu linaonyesha mpaka wa njia hii. Fomula ilijengwa kwa sharti moja: gunia linateleza kushuka. Ukilaza ubao hadi sifuri, gunia lililotulia halitelezi tena, na umelitoa nje ya sharti. Ukitaka kubaki ndani ya sharti, fikiri gunia lililosukumwa, ambalo tayari liko kwenye mwendo. Hilo litapunguza kasi kwa `μg`, na alama ya kutoa inasema hivyohivyo. B iko salama.

Basi kabla hujafuta jibu kwa sababu ya hali uliyoibuni, soma tena swali na uhakikishe hali yako bado inalingana na maneno yake. Likisema kitu "kinateleza", kiache kiteleze. Likisema "uzi umekazwa", usiulegeze. Dalili kwamba umetoka nje ya sharti ni pale majibu yote yanapokufa. Jibu moja ni sahihi, kwa hiyo ukiyaua yote, kosa liko kwenye hali uliyochagua, au kwenye kusoma kwako. Rudi nyuma hatua moja.

Majibu yakiwa namba

Hapa huwezi kuweka sifuri kwenye herufi, lakini unaweza kuweka uzio. Kabla ya kukokotoa, jiulize jibu haliwezi kuzidi nini na haliwezi kupungua chini ya nini.

Chukua vikinzani viwili, kimoja cha omu 6 na kingine cha omu 3, vimeunganishwa sambamba. Majibu ni 9, 4.5, 2 na 0.5. Kuunganisha sambamba ni kuupa umeme njia ya ziada, hivyo ukinzani wa jumla lazima uwe mdogo kuliko ule mdogo wa vyote, yaani chini ya 3. Tisa na 4.5 zimeondoka. Wengi wanaijua kanuni hii na wanaishia hapo, kisha wanasita kati ya 2 na 0.5. Weka uzio wa chini pia. Kama vyote viwili vingekuwa vya omu 3, jumla ingekuwa nusu yake, 1.5. Kimoja chako ni kikubwa kuliko 3, kwa hiyo jumla yako lazima iwe juu ya 1.5. Jibu liko kati ya 1.5 na 3, na humo imo 2 peke yake. Ile 0.5 inatoka kwa mtu aliyejumlisha 1/6 na 1/3 akapata 1/2, akasahau kuigeuza. Vizio navyo vingemwambia: alichopata ni moja kwa omu, wala si omu.

Au maji. Umechanganya kilo 3 za maji ya nyuzi 20 na kilo moja ya maji ya nyuzi 80, na hakuna joto linalopotea. Majibu: 35, 50, 65, 100. Mchanganyiko hauwezi kuwa moto kuliko maji ya moto zaidi, kwa hiyo 100 haifai. Kama ungechanganya kiasi sawa ungepata katikati, 50. Wewe una maji ya baridi mengi zaidi, kwa hiyo lazima uwe chini ya 50. Imebaki 35, na hujagusa kikokotoo.

Pale njia hii isipofika

Vizio ni vipofu kwa namba tupu. `mv²` na `½mv²` zote ni nishati, na vizio havitakuambia nusu imekwenda wapi. Sifuri nayo haisaidii hapo, maana zote zinatoa sifuri kasi ikiwa sifuri. Ukibaki na majibu mawili yanayotofautiana kwa 2, ½ au `π`, jaribu kwanza namba kubwa kupindukia kama tulivyofanya kwenye kapi. Ikishindikana, chukua hali moja nyepesi unayojua jibu lake na uikokotoe kwa namba. Kwa mwendo, kwa mfano: kitu kinaanguka kutoka kwenye utulivu kwa sekunde moja, `g` ni 10, kasi yake mwishoni ni 10, wastani wa kasi ni 5, hivyo kimekwenda mita 5. Anayedai `gt²` anapata 10, anayedai `½gt²` anapata 5. Imekwisha.

Maswali ya maelezo tupu, kama kutaja matumizi ya kifaa fulani, hayaingii humu. Usipoteze dakika kuyatafutia vizio.

Kuhusu kuandika: kwenye karatasi ya kazi andika kando ya kila jibu sababu ya kifo chake kwa herufi mbili tatu, kwa mfano "vz" kwa vizio, "m0" kwa `m` sifuri. Ukirudi mwishoni kuhakiki hutaanza upya, na ukikuta umeua yote utaona mara moja sababu ipi ilikuwa dhaifu.

Jaribu hili. Ndoo ya maji yenye tungamo `m` inavutwa juu kutoka kisimani kwa kamba, na inaongeza kasi kwa mchapuko `a`. Kamba inavutwa kwa kani gani?

```
A.  ma
B.  mga
C.  m(g − a)
D.  m(g + a)
```

B ina `g` na `a` zikiwa zimezidishwa, kizio chake si nyutoni. Weka `a` = 0: ndoo imening'inia tu au inapanda kwa kasi ileile, na kamba inabeba `mg`. A inatoa sifuri, imekufa. C na D zote zinatoa `mg`, sifuri haiwezi kuzitenganisha. Basi ongeza: mvutaji anavuta kwa nguvu hadi `a` inakuwa sawa na `g`. C inasema kamba haina mvutano wowote, wakati ndoo inarushwa juu. D inasema kamba imebeba `2mg`, ambayo ndiyo mikono ya mvutaji inavyohisi.